Kontena liko wapi? Hadithi ya pesa za kustaafu za babangu

(Hotuba niliyoitoa Tononoka mbele ya wafanyakazi wanaokaribia kustaafu. Nimeiandika vile nilivyoisema, nimepunguza marudio kidogo tu.)

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Nimeambiwa wengi mlioko hapa ni watu wa klearing, maghala na ofisi za kule Kilindini, na wengine mmebakisha miezi tu mpewe pesa zenu. Mie ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, si mtaalamu wa mambo ya fedha, na nilichokuja nacho ni hadithi moja, ya babangu na pesa zake za kustaafu. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie na hesabu zake zote bila kuficha shilingi. Alichokataa ni majina, kwa hivo sitataja mtu wala kampuni, na naomba na nyinyi msikisie.

Baba alikua karani wa ofisi ya klearing zaidi ya miaka thelathini. Kazi yake ilikua makaratasi, hati ya shehena, manifesti, ushuru umelipwa ama haujalipwa, namba ya kontena imeandikwa sawa ama kuna tarakimu imeruka. Alikua hawezi kuruhusu lori litoke kama karatasi moja haijagongwa mhuri, na madereva walikua wakimlalamikia kwa hilo. Alipostaafu akapewa pesa yake yote kwa mkupuo kutoka mfuko wa akiba wa kampuni, akalipa madeni madogo madogo, akarekebisha paa la nyumba pale Kibokoni, akabaki na milioni mbili kamili. Hio ndio ilikua ya uzeeni mwake na wa mamangu, hakuna nyingine.

Sasa kuna rafiki yake, mie namwita Ami tangu utotoni. Walikaa ofisi moja zaidi ya miaka ishirini, meza zao zaangaliana. Nyanya yangu alipofariki ni Ami aliyesimamia masufuria ya pilau mpaka usiku wa mwisho wa matanga, na mie nilipoolewa alisimama kama mzee wa nyumba. Nawaeleza haya mapema kwa sababu kila ninapoisimulia hadithi hii mtu hukimbilia kusema babako alidanganywa na tapeli, nami nasema ngoja kwanza umjue Ami, manake hapo ndipo penye uzito.

Ami alistaafu mwaka mmoja kabla ya Baba. Siku moja wako barazani na kahawa akamwambia kuna kampuni yanunua mizigo ya mnada wa forodha. Nyinyi wa bandarini mwajua, lakini kwa wale wengine nieleze. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, ile ya 2004, yasema mzigo ukishashushwa na siku 21 zipite bila mwenyewe kuufanyia makaratasi, unapelekwa ghala la forodha. Kisha inatolewa notisi, na zikipita siku 30 bila kuchukuliwa, serikali ina ruhusa ya kuuza kwa mnada wa hadhara. Orodha inatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, namba ya kontena, jina la meli, ndani mna nini, na kuna siku za watu kwenda kukagua kabla ya mnada. Na ni kweli kabisa mtu anaweza kupata mzigo kwa bei nzuri pale. Baba alikua ameyaona hayo kwa macho yake miaka yote ya kazi.

Kwa hivo Ami alipomwambia kampuni yakusanya pesa za watu, yanunua makontena mnadani, yauza Nairobi na Kampala, na kila mwenye pesa yake apata asilimia 10 kila mwezi, Baba hakusikia kitu kigeni. Alisikia kitu anachokijua kuliko majirani zake wote. Nimeona baadaye kwamba hivi ndivyo watu wengi wanavyonaswa, muuza samaki aambiwa habari za samaki, mwalimu aambiwa habari za shule ya kibinafsi, karani wa bandari aambiwa makontena. Ile sehemu ya kweli ndio inayokufanya usiulize sehemu iliyobaki.

Na Baba si mjinga, alijaribu kwanza. Alitoa laki mbili. Tarehe 5 ya mwezi uliofuata simu ikalia, M-Pesa, 20,000. Mwezi wa pili tena 20,000. Wa tatu, wa nne, vilevile, haikuchelewa hata siku moja. Miezi minne amerudishiwa 80,000, akajiambia nimepima na nimeona. Ndipo akapeleka milioni moja na laki nane iliyobaki, akapanda ngazi za ofisi moja nzuri ya Nyali yenye eisi na cheti cha kampuni kimewekwa fremu ukutani, akatia sahihi karatasi ya ukurasa mmoja iliyoitwa mkataba wa ushirikiano.

Hapo wakamshauri asichukue faida yote, aiache izae. Akakubali, akawa achukua 40,000 tu kila mwezi za matumizi ya nyumbani na nyingine anaiacha. Kila mwezi aletewa stetimenti kwenye simu, na ile namba yapanda. Miezi mitano ikaenda hivo, stetimenti ya mwisho ikasoma 2,976,816. Mwezi wa sita, tarehe 5, simu haikulia.

Mie sikujua lolote kati ya haya. Nilijua siku aliponipigia kuniomba pesa ya tokeni za stima, mtu ambaye tangu nianze kazi hajawahi kuniomba hata ya nauli. Nkaenda nyumbani jioni ile, mama akanifanyia ishara ya macho tu, nkaketi na Baba mpaka akasema. Alikua ameshakaa karibu miezi miwili na siri ile, haendi barazani, akipitia vichochoro vya nyuma kwenda msikitini ili asikutane na watu. Nilimwambia, Baba, lete karatasi zote na lete simu, na mie nalileta daftari.

Haya, sasa niwaambie nilichojifunza kwenye lile daftari, na cha kwanza ndicho kikubwa kwa hivo ntakaa nacho.

Baba alikua akirudia neno moja, lakini walilipa, lakini mwanangu walikua wanalipa. Kwake ile 20,000 ya tarehe 5 ilikua ushahidi kwamba biashara ipo. Nkamchorea hesabu ndogo ya darasa la tano. Chukua watu 10, kila mmoja atoe laki moja, jumla milioni moja. Umeahidi asilimia 10 kwa mwezi, yaani 100,000 jumla. Sasa usinunue kontena hata moja, usifanye biashara yoyote, weka ile milioni kabatini tu. Waweza kuwalipa wale watu kumi miezi mingapi? Miezi 10. Miezi kumi mizima, tarehe 5 bila kuchelewa, kwa pesa zao wenyewe. Hata ukijichukulia laki tatu ununue gari na ulipe kodi ya ofisi, bado wabaki na miezi 7. Na hapo hajaingia mtu mpya hata mmoja, na hakuna aliyeambiwa aache faida izae. Wakiwepo wa kuacha izae, kama Baba, kulipa kwenyewe kunapungua na mchezo unarefuka zaidi.

Alilitazama lile daftari muda mrefu. Kisha akasema, kwa hivo ile elfu themanini ilikua ni yangu. Nkamwambia ndio Baba, ni katika zile laki mbili zako.

Kwa hivo jaribio lake la miezi minne halikupima chochote, manake kampuni ya kweli ingelipa na kampuni ya uongo pia ingelipa, jibu ni lilelile. Jaribio linalofaa ni lile ambalo mkweli na mwongo wanatoa majibu tofauti, na hilo ni kuuliza mzigo. Tukarudi kwenye mzigo.

Nikamuuliza Baba swali ambalo nadhani aliwahi kuwauliza vijana wa kazini mara elfu, kontena liko wapi? Kwenye grupu ya WhatsApp ya wanachama kulikua na picha nyingi za makontena, watu wamesimama mbele yake na helmeti na vikoti vya kung'aa. Nyinyi mwajua kila kontena duniani lina namba yake mlangoni, herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho inapatikana kwa hesabu kutoka kwa zile zilizotangulia ili mtu akikosea kuandika ijulikane. Baba akavaa miwani, tukakuza picha, tukaandika namba zilizosomeka. Namba moja ile hesabu ya mwisho ilikataa, yaani si namba ya kontena lolote. Nyingine mbili tukaziandika kwenye tovuti za kampuni za meli zenye makontena hayo, pale mahali pa kufuatilia mzigo, ambapo ni bure na huulizwi wewe ni nani. Zikasoma kwamba yale makontena yalishatolewa na wenyewe, yakarudishwa matupu, yakapakiwa meli yakaondoka Mombasa muda mrefu kabla ya ile picha kuwekwa kwenye grupu. Zilikua picha za makontena ya watu wengine, zamani.

Kazi yote ile ilituchukua muda wa kunywa chai. Na aliyeifanya ni yeye, mie nilikua nashika kalamu tu.

Kisha tukaangalia wingi. Ami alikua ameambiwa, kwa kujivuna, kwamba wanachama wameshaweka jumla milioni 120. Tuseme kontena moja la mnada kwa wastani linunuliwe milioni mbili, hii ni namba ya kukisia tu ili tupate hesabu. Hayo ni makontena 60. Na ili ulipe asilimia 10 kila mwezi lazima yale 60 yanunuliwe, yatolewe, yasafirishwe, yauzwe yote kwa faida ndani ya siku 30, na mwezi ujao mengine 60, na ujao mengine 60. Baba akacheka kicheko kibaya akasema mnada hautoki kila mwezi kama mshahara, unatoka serikali inapotoa notisi, na ndani ya orodha kuna magurudumu yaliyoharibika, kuna nguo zilizooza, kuna mzigo mzuri kidogo ambao wafanyabiashara wenye pesa wanaupandishia bei mpaka faida inakwisha. Mwezi mmoja waweza kupata faida nusu kwa nusu, mwezi mwingine ukala hasara. Sasa vipi ile faida ilikua 10, 10, 10, haipandi haishuki, miezi yote?

Hapo pana alama ambayo naomba muishike hata mkisahau mengine. Biashara ya kweli ina mawimbi. Faida iliyonyooka kila mwezi haijatoka sokoni, imetoka kwenye kalamu ya mtu. Yule tapeli Madoff wa New York aliyekamatwa Desemba 2008 hakuahidi makubwa kama ya kwetu, stetimenti zake zilionyesha faida ya kiasi tu, lakini ilikua yaja kwa utulivu mwaka hadi mwaka, soko la hisa likipanda ama likianguka, na ule utulivu ndio uliowashtua waliokua wanajua kusoma hesabu.

Na habari ya kuhesabu mzigo si yangu mie na Baba. Huyo Ponzi mwenyewe ambaye michezo hii imepewa jina lake alikua Boston mwaka 1920, akiahidi asilimia 50 kwa siku 45, akisema anapata faida kwa kununua kuponi za posta nchi za bei rahisi na kuzibadilisha Marekani. Kuponi hizo zilikuwepo kweli, tofauti ya bei ilikuwepo kweli. Aliyeandika habari za fedha wakati ule akakaa akahesabu, kwa pesa zote zile alizochukua kungehitajika kuponi kama milioni 160 zitembee duniani, na zilizokua zikitembea zilikua kama elfu 27. Mwaka ule ule mchezo wake ukaisha. Miaka zaidi ya mia imepita na swali ni lilelile, mzigo uko wapi na unatosha?

Sasa niseme habari za Ami.

Usiku ule nilitaka kwenda kwake nikamwambie maneno. Baba akanizuia, na kesho yake Ami akaja mwenyewe. Kumbe yeye ametia pesa zake zote pia, zaidi ya Baba, na shamba la Kikambala ameliuza. Na kweli alikua akilipwa komisheni, asilimia 5 ya kila mtu anayemleta. Kwa milioni mbili za Baba alikua amepata laki moja, na ile laki nayo akairudisha ndani izae. Aliketi pale sebuleni kwetu hawezi kunitazama, akatoa bahasha yenye elfu kumi na tano akasema ntakua naleta kidogo kidogo mpaka laki yako iishe.

Ndipo Baba naye akasema jambo ambalo alikua hajanambia. Alikua amemleta khalati yangu, dadake mama, na laki tatu zake za biashara ya vitambaa. Akapata komisheni elfu 15. Hakuona kama ni vibaya, aliona ni asante ya kampuni.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi. Tulikua tunamtafuta mtu mbaya tumlaumu na kila tukishika mtu tunakuta naye amelia. Nilichokielewa ni kwamba mchezo huu hauhitaji watu wabaya wengi, wahitaji wawili watatu kule juu, halafu wahitaji watu wazuri wengi sana, wenye heshima mtaani, wanaoaminika, ambao wenyewe wameamini. Ami asingeweza kumshawishi Baba kama angekua mwongo, Baba angemjua usoni, wamekaa pamoja miaka ishirini. Alimshawishi kwa sababu alikua mkweli. Alisema mie nimepata, na kweli alikua amepata.

Kwa hivo nilikuja kutenganisha maswali mawili ambayo zamani kwangu yalikua moja. Je, namwamini huyu aniambiaye? Hilo ni swali la moyo na undugu, na Ami mpaka leo namwamini. Je, yeye amejuaje? Hilo ni swali la pili, na jibu lake la Ami lilikua, nimejua kwa sababu nalipwa. Na kulipwa tumeshaona hakuonyeshi kitu. Unaweza kumuuliza mtu swali la pili bila kumvunjia heshima, namna hii, Ami, wewe umeliona kontena mwenyewe, umeshika karatasi ya mnada yenye jina la kampuni, ama umeambiwa? Mtu mwaminifu atakujibu sijaona, nimeambiwa. Na hapo mwasimama wote wawili.

Kuna na hesabu ya hasara. Baba alikua akisema nimepoteza milioni tatu, na ile namba ya 2,976,816 ilikua yamlaza macho wazi. Nkamwandikia upya. Ulichotoa ni 2,000,000. Ulichopokea mkononi ni 80,000 za mwanzo na 40,000 mara tano, jumla 280,000. Kilichopotea ni 1,720,000. Ile milioni moja nyingine na zaidi ilikua ni maandishi kwenye simu, haikuwahi kuwa pesa ya mtu yeyote. Ni pesa nyingi bado, sikumwambia ni kidogo. Lakini kwanza ilimpunguzia mzigo, na pili hii ndio hesabu utakayoulizwa na polisi na wakili, pesa iliyotoka kwako na iliyorudi kwako. Ukienda na namba ya stetimenti ya matapeli unajichanganya mwenyewe.

Kampuni haikusema imefilisika, hawasemi hivo. Walisema kwanza mfumo unaboreshwa. Kisha wakasema akaunti imeshikwa na watu wa ushuru kwa muda. Kisha ikaja ile ambayo ilikua nusura imchukue Baba tena, wakasema anayetaka kutoa pesa yake alipe kwanza ada ya asilimia 5 ya salio. Salio la Baba ni karibu milioni tatu, kwa hivo ada karibu laki moja na nusu. Alikua ameanza kumuuliza mtu wa kumkopesha. Nisikilizeni hapa wazee wangu, kama kweli wana pesa yako, ada wataikata humo humo wakupe inayobaki. Mwenye kukudai pesa mpya ili akupe pesa yako hana pesa yako.

Na wiki chache mbele yake akapiga mtu anayejiita wakili, amejua jina la Baba, amejua na kiasi alichoweka, anasema ana njia ya kuzirudisha pesa za wanachama wote, gharama ya kufungua faili 30,000. Orodha ya waliotapeliwa inauzwa, ama inatumiwa na walewale. Wakili wa kweli ana ofisi, na waweza kuhakikisha jina lake kwa Chama cha Wanasheria cha Kenya kabla ya kumpa kitu.

Tulichofanya sisi ni hiki. Tulichukua stetimenti ya M-Pesa na ya benki ya kipindi chote, tukazichapisha, tukapiga mstari kila malipo. Ule mjadala wa grupu tuliuhifadhi wote kabla hatujatolewa, na kweli siku chache baadaye grupu ikafungwa. Tukaenda polisi tukaandikisha tukapewa namba ya OB, kisha tukaandika taarifa kwa wapelelezi wa DCI, na hatukwenda peke yetu, Ami alikuja, khalati alikuja, na wengine kumi na kitu, manake mtu mmoja anaambiwa hii ni deni la kibiashara nenda kortini, lakini watu kumi na tano wenye karatasi ya aina moja inaonekana ni mpango. Kosa lenyewe lipo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 313, kupata pesa kwa kudanganya, na kifungo chake ni mpaka miaka mitatu. Khalati yangu, kwa kuwa zake ni laki tatu, pia alipeleka dai kwenye korti ya madai madogo ambayo inachukua mpaka milioni moja, na huko si lazima uwe na wakili. Amepata hukumu. Hajapata pesa, manake hukumu ni karatasi mpaka upatikane mali ya kushika, na akaunti ya kampuni ilikutwa karibu tupu. Nawaambia hivi ili msiwe na tamaa ya uongo, kurudisha ni kazi ngumu, kuzuia ni rahisi zaidi.

Kuzuia kwenyewe nikueleze. Kile cheti cha fremu kilichokua ukutani Nyali kilikua cha kweli. Lakini kusajili kampuni ni jambo la kufanywa na mtu yeyote kupitia eCitizen, cheti chasema tu jina hili limeandikishwa, hakisemi kampuni imeruhusiwa kukusanya pesa za watu. Ruhusa hio ni laiseni nyingine kabisa. Benki na wenye kupokea amana wako chini ya Benki Kuu. Wenye kuchangisha pesa za umma na kuziwekeza wako chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Vyama vya akiba na mikopo vinavyopokea amana viko chini ya SASRA. Wote hao wana orodha ya waliopewa laiseni kwenye tovuti zao. Tulitafuta jina la kampuni ile kwenye orodha zote tatu, halikuwepo popote. Na wakikwambia wao hawahitaji laiseni kwa sababu hii ni ushirika, ama ni klabu, ama ni wanachama, nenda kaulize ofisi inayohusika kwa maandishi, usimuulize yeye anayechukua pesa yako.

Na mwulize akwambie asilimia 10 kwa mwezi ni nini kwa mwaka. Laki moja ikiachwa izae hivo inakua zaidi ya laki tatu miezi 12 tu. Serikali yenyewe ikikopa kwa bili za Hazina, siku 91, 182 ama 364, ambazo wewe waweza kununua kuanzia 50,000 kupitia Benki Kuu, hata 2024 riba ilipokua juu sana ilikua kama asilimia 16 hivi kwa mwaka mzima. Sasa kama mtu kweli ana biashara ya asilimia 10 kila mwezi, benki ingemkopesha kwa riba ya mwaka na faida yote ikabaki yake. Kwa nini ahitaji laki mbili za karani aliyestaafu?

Baba leo anafanya kazi siku tatu kwa wiki kwa kijana mmoja wa klearing, amkagulia makaratasi. Ami bado yuaja na bahasha kila mwezi akiweza, na barazani wamerudi wote wawili. Baba alimrudishia khalati zile elfu 15 mwezi wa kwanza wa kazi. Faili letu liko kwa wapelelezi, dairekta mmoja alikamatwa akatoka kwa dhamana, mwingine haonekani.

Baba yuko pale nyuma, mwenye kofia ya kijani, na leo amekuja na miwani yake. Amesema kama kuna mtu hapa ameshapewa mkataba, ama ametumiwa picha za mzigo, ama aambiwa mwisho wa kulipia ni Ijumaa, alete hio karatasi ama simu kwenye ile meza ya dirishani. Hatakuuliza umetoa kiasi gani, na hatakitaja kwa mtu. Tutakuwepo mpaka magharibi, na wale ambao hawawezi kuongea mbele ya watu wachukue namba yangu kwa huyu dada wa mlangoni.

Shukran.